Mia mbili ni ya jana: kusuka maneno ya soko la Kibuye katika shairi

"Omena safi, omena!" Ukiihesabu sauti hiyo kwa vidole, utapata mizani nane: o-me-na-sa-fi-o-me-na. "Omena ya leo, mama!" nayo ni nane. Mwanamke anayeinadi omena yake, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la Kibuye, hapa Kisumu, hajakaa kitako kuhesabu chochote. Amelirudia tangazo hilo tangu alfajiri, na kila alipolirudia, neno lililomkatisha pumzi lilidondoka na lililobaki likajipanga. Nane si nambari ya miujiza. Ni kiasi cha maneno ambacho mtu anaweza kukitamka kwa pumzi moja, kwa sauti ya juu, huku mikono ikichota na macho yakimtafuta mnunuzi. Kiasi hicho hicho ndicho nusu ya mshororo wa shairi la kawaida la mizani kumi na sita, na ndicho kipande kizima cha utenzi.

Ninalianza jambo hili kwa hesabu kwa sababu wengi wanaojaribu kuyaingiza mazungumzo ya sokoni katika shairi huamini kwamba wanakwenda kukutana na maneno yasiyo na mpangilio, ambayo ni kazi yao kuyapa mpangilio. Mimi naona kinyume. Maneno ya soko huja tayari na kipimo chake, na kazi ya mtunzi ni kukitambua kipimo hicho kabla hajachagua bahari ya shairi, yaani umbo lake. Akichagua bahari kwanza, kisha akayaita maneno yaje kukaa humo, ndipo yanapovunjika.

Hapa nitayafuata mazungumzo mamoja tu, ya muuzaji wa omena na mnunuzi wake, niliyoyasikia Jumapili, ambayo ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Sitamtaja mtu wala kueleza kibanda kilipo, maana wenyewe hawakujua kwamba kuna aliyetega sikio, na shairi halihitaji majina yao. Nilikuwa nimesimama nikingoja kupimiwa mahindi kwenye meza ya jirani. Walichosema ni hiki, nami nimekiandika kama kilivyotamkwa:

Omena ya leo, mama!
Gorogoro ni ngapi, mama?
Mia tatu.
Mia tatu, mama?
Nimejaza mpaka mkono umechoka.
Niko na mbili. Tatu sina.
Mia mbili ni ya jana. Mwezi umetoka.
(Kimya.)
Angalia mchanga. Hakuna.
Basi jaza, weka juu.
(Anapimiwa, analipa.)
Na nyongeza iko wapi?
Niongeze mara ngapi?
Mkono wako mfupi.

Baada ya hapo muuzaji alichukua omena moja, mmoja tu asiyezidi kidole, akamtupa juu ya mfuko. Wote wawili wakacheka, ndipo akachota kiganja kizima cha nyongeza.

Msikilizaji asiyeijua biashara yenyewe angepoteza nusu ya mazungumzo haya. Gorogoro ni mkebe wa kupimia. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na samaki hao huifuata taa vizuri zaidi wakati wa giza. Mwezi unapong'aa, mavuno hupungua na bei hupanda. Kwa hiyo "mwezi umetoka" ni sababu ya bei, nayo imetolewa kwa maneno mawili. Mchanga nao una habari yake: omena iliyoanikwa chini, ardhini, huja na mchanga unaosagika menoni, na ile iliyoanikwa juu ya nyavu au juu ya meza huwa safi. Aliyesema "angalia mchanga, hakuna" alikuwa akiitetea bei yake kwa hoja ya ubora, baada ya kuitetea kwa hoja ya upungufu. Mtunzi anayejua hivyo atafahamu kwamba mchanga hauwezi kuachwa nje ya shairi, ilhali mwezi unaweza kuachwa ikibidi, kwa kuwa hoja yake imekwisha kumezwa na neno "jana".

Kuna jambo jingine la kuangaliwa katika mazungumzo hayo, nalo ni kwamba yalifanyika kwa Kiswahili. Maongezi mengi ya Kibuye ni ya Kidholuo, na ukisogea upande wa wauzaji wa ndizi na mahindi utasikia Kiluhya cha namna mbalimbali. Watu huingia katika Kiswahili pale ambapo hawana lugha ya mama moja. Mnunuzi huyu, kwa lafudhi yake, alikuwa ametoka upande wa Kakamega au Vihiga, na muuzaji alilitambua hilo kabla hajaulizwa bei. Kiswahili cha watu wawili wa namna hiyo huwa kifupi. Hakina mafumbo marefu, kwa sababu hakuna anayetaka kueleweka vibaya pesa zikiwa mkononi. Kina sentensi za maneno matatu au manne, na kina neno la heshima, "mama", linalotumiwa kama mto wa kuwekea kila pigo. Ufupi huo ndio unaoyafanya maongezi ya soko letu yakubali mizani kwa urahisi kuliko, tuseme, maongezi ya ndugu wawili wanaogombana jikoni kwa lugha yao.

Wakati mwingine neno la Kidholuo hujipenyeza, na hapo mtunzi huulizwa ahesabu vipi. Maneno yanayoishia na irabu hayana shida: "adi", ambalo ndilo swali la bei, lina mizani mbili sawa na "ngapi", na lingeweza kukaa mahali pake bila kugusa kitu kingine. Maneno yanayoishia na konsonanti, kama "rech", yaani samaki, mimi huyahesabu mizani moja, kwa kanuni ile ile ninayoitumia kwa silabi funge za Kiswahili. Msikilize muuza mitumba anaponadi "hamsini, hamsini": hatamki ha-m-si-ni kwa mapigo manne, hutamka ham-si-ni kwa mapigo matatu. Kipimo kisichofika popote ni toni. Kidholuo ni lugha ya toni, na mizani za Kiswahili hazina mahali pa kuiandika, kwa hiyo mazungumzo marefu ya Kidholuo yaliyofasiriwa kwa Kiswahili huwa yamekwisha kupoteza mdundo wake kabla hata mtunzi hajaanza. Ndiyo maana mimi huchukua yale tu yaliyosemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Sasa tuyatie maneno yale katika shairi kama tulivyofundishwa shuleni, yaani tarbia yenye mizani kumi na sita, kituo cha kupumua katikati, vina vya kati na vya mwisho. Nimetunga mishororo mitatu kwa makusudi ya mfano:

Ewe mama wa sokoni, gorogoro bei gani?
Kanijibu kwa makini, mia tatu ya thamani,
Mbili ni ya jana ndani, leo haipo sokoni.

Hesabu iko sawa. Kila kipande kina mizani nane, vina havijaanguka, na mwalimu angetia alama ya vema. Hata hivyo mishororo hiyo haijawahi kusikika katika soko lolote. "Kwa makini" imo kwa sababu ya kina peke yake, kwa kuwa hakuna aliyejibu kwa makini. Mwanamke yule alijibu huku akimfukuza kuku. "Ya thamani" imo kwa sababu hiyo hiyo. "Kanijibu" imekula mizani nne kati ya kumi na sita ili kutueleza jambo ambalo tungelijua wenyewe, kwamba swali lilijibiwa. Na kosa lililo kubwa kuliko yote ni "jana ndani".

Tulitazame hilo kwa karibu. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika sentensi fupi neno la mwisho ndilo linalobeba uzito wa sentensi nzima. Muuzaji alisema "mia mbili ni ya JAna", na sauti yake ilikaa juu ya "ja" kisha ikashuka na kufunga mlango. Bei uliyoitaja ni ya siku iliyokwisha kupita. Ndiyo maana yote ya maneno hayo, na ndiyo maana mnunuzi alinyamaza. Mshororo wa tarbia umeisukuma "jana" ndani ya kipande na kuuweka mkazo wa mwisho kwenye "NDAni", neno lisilo na kazi. Mizani zimehifadhiwa na pigo limepotea. Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta kwanza ninapousoma mshororo kama huo, wangu au wa mwenzangu: naitafuta silabi yenye mkazo wa mwisho, kisha najiuliza kama mtu wa sokoni angepandisha sauti hapo. Kama neno lililopo hapo ni la kujazia, mshororo umekufa, hata kama kila hesabu imetimia.

Dalili ya pili ni kituo. Katika mshororo wa kumi na sita, msomaji hupumua baada ya mizani nane, kila mara, pasipo kukosa. Mapatano ya bei hayapumui hivyo. Mtu husema "mia tatu", mizani nne, kisha hunyamaza kwa muda ambao maneno mengine manane yangetosha kutamkwa, na kimya hicho ndicho silaha yake. Mwenziwe naye hudakia kabla ya wakati. Ukizipanga pumzi hizo zote kwa urefu mmoja, watu wawili wanaovutana wanakuwa mtu mmoja anayekariri.

Atatokea mwenye kusema kwamba basi tuachane na arudhi, yaani kanuni za mizani na vina, tuandike shairi huru. Njia hiyo ipo, na ina heshima yake tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya kwanza mwaka 1974 na kuwasha mjadala ambao haujazimika kabisa. Lakini kwa kazi hii mahususi sioni kwamba inatusaidia sana. Maneno ya soko yana kipimo tayari, na mtunzi wa shairi huru anayeikata mistari mahali anapopenda huishia kukiharibu kipimo hicho kwa njia nyingine: anaivunja "weka / juu" kwa ajili ya sura ya ukurasa, na aliyesema hakuvunja hapo. Sheria ambazo Sheikh Amri Abedi aliziweka katika kitabu mwaka 1954 hazikutoka hewani. Zilitokana na masikio ya watu waliokuwa wakiimba na kughani muda mrefu kabla ya kitabu. Ninachokitaka ni bahari ndogo zaidi, si kuondoka baharini.

Kwa hiyo nilirudi kwenye maneno yenyewe, nikaandika idadi ya mizani kando ya kila kauli. "Omena ya leo, mama" nane. "Mia mbili ni ya jana" nane. "Basi jaza, weka juu" nane. "Na nyongeza iko wapi" nane. "Niongeze mara ngapi" nane. "Mkono wako mfupi" nane, ukikumbuka kwamba "m" ya mkono na ile ya mfupi kila moja ni silabi kamili. Kauli sita zilikuwa zimekwisha kujipima zenyewe. Kisha nikaziangalia silabi za mwisho, na humo ndimo nilimopata zawadi: "jana", "hakuna" na "sina" zinaishia kwa -na, na "wapi", "ngapi" na "mfupi" zinaishia kwa -pi, zikifuatana moja baada ya nyingine kama zilivyotamkwa. Vipande vya mizani nane, vina vitatu vinavyofanana, na mstari wa nne unaoweza kurudiwa mwisho wake: huo ni utenzi. Sikuuchagua mimi. Nilifika nikaukuta umekaa.

Vikabaki vipande ambavyo havikutosha, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. "Gorogoro ni ngapi, mama" ni tisa. Nikaitoa "ni", kwa kuwa watu wengi wa hapa huuliza "gorogoro ngapi" bila kuitamka. Huo ni ufupisho ambao sikio la soko linaukubali, tofauti na inkisari za vitabuni kama "nambiani", ambazo hakuna anayezitumia akinunua samaki. "Angalia mchanga, hakuna" ni kumi. Hapa nililinda mambo mawili: mpangilio wa maneno na mapumziko kabla ya "hakuna", kwa sababu yule mama alimpa mnunuzi nafasi ya kutazama kwanza, kisha ndipo akatoa hukumu. Ningeweza kuandika "hapa mchanga hakuna", mizani nane kamili, lakini pumziko lingetoweka na hoja ingegeuka taarifa. Nikabadilisha kitenzi peke yake: "Ona mchanga: hakuna." Nane, na nafasi ya kutazama imebaki.

"Niko na mbili, tatu sina" ilinisumbua zaidi. Ni tisa, na "niko na" ndiyo alama ya Kiswahili chetu cha bara. Ukiandika "nina" unamvalisha mnunuzi nguo isiyo yake. Nilijaribu "mbili ndiyo niko nayo", ambayo ni nane na inasemwa, lakini kina chake ni -yo na kingelivunja beti zima. Mwishowe nilichagua "Nina mbili. Tatu sina", nikakubali hasara. Katika beti la mistari minne unaweza kubadilisha neno moja la msemaji na bado akabaki yeye; ukibadilisha matatu, hata kama kila moja lina sababu yake, ameondoka na umebaki peke yako.

Kisha kuna zile kauli mbili za bei mwanzoni. "Mia tatu" ni nne, na "mia tatu, mama?" ni sita, jumla ni kumi. Kama ningeupa kila usemi mstari wake, ningelazimika kuujaza ufike nane, na kujaza ndiko kunakoleta akina "kwa makini". Badala yake niligawa mstari mmoja kwa wasemaji wawili: "Mia tatu. Tatu, mama?" Mnunuzi analikamata neno la mwisho la muuzaji na kulirudisha. Hivyo ndivyo watu wanavyodakizana, na mstari uliogawanywa unamlazimisha msomaji abadilishe sauti katikati ya pumzi. Hakuna haja ya "akasema" wala "akajibu", kistari kinatosha.

Shairi likawa hivi:

— Omena ya leo, mama!
— Gorogoro ngapi, mama?
— Mia tatu. — Tatu, mama?
— Nimejaza hadi juu.

— Nina mbili. Tatu sina.
— Mia mbili ni ya jana.
Ona mchanga: hakuna.
— Basi jaza, weka juu.

— Na nyongeza iko wapi?
— Niongeze mara ngapi?
— Mkono wako mfupi.
Akatupa moja juu.

Mjuzi wa arudhi atalalamika juu ya beti la kwanza, na ana haki: neno moja limerudiwa mara tatu kama kina, jambo ambalo kwa kawaida ni ishara ya mtunzi aliyeishiwa. Nimeliacha kwa sababu mtu akilisoma kwa sauti atagundua kwamba hawezi kuzitamka "mama" hizo tatu kwa namna moja. Ya kwanza ni ya kuita, imepaazwa na kuvutwa. Ya pili ni ya adabu, ya chini, inakwenda haraka. Ya tatu ni malalamiko, nayo hupanda mwishoni. Aliyeitwa "mama" katika mstari wa kwanza ndiye anayemwita mwenziwe "mama" katika wa pili, na mabadilishano hayo ya heshima ndiyo yanayowaruhusu wavutane bila kugombana. Nikiweka "nzima" au "salama" kwa ajili ya kina, ninakuwa nimetii kanuni na kuivunja adabu ya soko.

Mstari wa mwisho wa kila beti unaishia kwa "juu". Utenzi hudai kina kisichobadilika katika kipande cha nne, na neno hilo lilitoka kwa mnunuzi mwenyewe. Nililichukua likawa la kufungia yote matatu. Mara ya kwanza ni dai la muuzaji, mara ya pili ni sharti la mnunuzi, mara ya tatu ni tendo. Mstari wa "akatupa moja juu" ndio pekee ulio wangu, sauti ya msimulizi, nami nikauweka mahali ambapo katika mazungumzo halisi hapakuwa na neno ila mkono. Naona hiyo ndiyo nafasi halali ya mtunzi: kuzungumza pale wenyewe wanaponyamaza. Kama ningeingiza sauti yangu katika beti la pili, kueleza habari za mwezi au umaskini, mapatano yangekatika na kila mtu angenigeukia mimi.

Watu wawili wanaofanya biashara Kibuye walinisomea shairi hilo kwa sauti, kila mmoja akishika upande wake, na sikuwapa maelezo yoyote kabla. Huo ndio mtihani ninaouamini, kwa sababu mtu anayepatana bei kila siku hawezi kuificha sauti yake pale maneno yanapomkwama. Wakasoma bila kusita mpaka "Nina mbili", ambapo mmoja wao alisema "Niko na mbili" bila kuangalia karatasi, na akaendelea kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mizani ikawa tisa, na hakuna aliyejikwaa. Mwenziwe alipofika "hadi juu", naye akasema "mpaka juu". Tisa tena. Hapo nilijifunza kwamba msomaji wa soko hulirudisha neno lake mwenyewe lilikokuwa, na kwamba katika kusema, tofauti na katika kuimba, mizani moja ya ziada mwanzoni au katikati mwa kipande humezwa na kasi, ilhali mizani moja ya ziada mwishoni, karibu na kina, husikika mara moja. Kwa shairi la kughani kwa mahadhi nisingethubutu kuiacha hivyo; wimbo hauna mahali pa kuificha silabi iliyozidi. Kwa shairi la kusemwa na watu wawili, sasa naandika "niko na" na kuacha tisa isimame. Toleo la hapo juu nimeliweka kama lilivyokuwa ili mwenye kuhesabu aone tofauti.

Namna ya kuyanasa maneno yenyewe haihitaji maelezo mengi. Siwarekodi watu. Nasikiliza, naondoka hadi kibanda cha chai, kisha naandika kwenye simu kabla chai haijapoa, kwanza miisho ya kauli kwa sababu ndiyo inayobeba kina na mkazo, halafu katikati. Naweka mkwaju mmoja mahali walipopumua na miwili mahali waliponyamaza. Aliyemkatiza mwenziwe namwandika kwenye mstari ule ule wa aliyekatizwa. Bila alama hizo, baada ya muda mfupi hubaki na maneno tu, na maneno bila pumzi unaweza kuyapanga vyovyote, jambo ambalo ni hatari.

Mbali na ile ya mwezi, kauli moja imebaki nje ya shairi, nami siridhiki kuiacha. "Nimejaza mpaka mkono umechoka" ina mizani kumi na nne, na katika beti la kwanza niliipunguza hata ikawa "nimejaza hadi juu", nikaupoteza mkono. Ukiitanguliza "mama" inakuwa kumi na sita kamili, idadi ya mshororo wa tarbia, lakini kituo hakiangukii nane: pumzi ya kawaida huja baada ya "mpaka", yaani kwenye tisa, na saba hubaki upande wa pili. "Mama, nimejaza hadi, mkono umeshachoka" inagawanyika nane kwa nane bila kujazia neno lolote, na "umeshachoka" ni neno ambalo yule mama angelisema bila kufikiri. Kinachonikwaza ni "hadi", ambayo yeye hakuisema, na ambayo sasa imekaa penye kina cha kati ikidai wenzake. Vina vya -di havijai sokoni kama vile vya -na. "Zaidi" ipo, husikika kila dakika kwenye meza za mboga, na "baridi" husikika kwa wauza soda. Cha tatu bado nakisikilizia.